Senene wa Pakiti na Kalori Zilizopotea

Wapenzi, anayepunguza mwili asiishie kusoma kalori tu. Gramu moja ya protini hutoa kalori 4, ya wanga 4, ila ya mafuta hutoa 9. Ukizidisha na kujumlisha, jibu likaribiane na lililoandikwa.

Mume wangu ameambiwa na daktari apunguze uzito. Juzi hapa Bukoba kaleta senene wa pakiti, lebo inasema kalori 352 kwa gramu 100. "Mama watoto, hizi si nyingi!" Nikachukua kalamu. Protini gramu 36, hiyo 144. Mafuta 46, hiyo 414. Wanga 6, hiyo 24. Jumla 582!

Zimepungua 230, sawasawa na 46 mara 5. Inaelekea mtengenezaji aliyapa mafuta kalori 4 badala ya 9. Kwa kiganja cha gramu 30, mzee angehesabu 106 huku akila 175.

Tofauti ndogo isikutishe: namba hukadiriwa, na nyuzinyuzi hutoa kama kalori 2 tu kwa gramu. Ila kama gramu zenyewe ni za kubuni, kalamu haitakwambia; hiyo ni kazi ya maabara.