Hukufaulu, au Nafasi Zilijaa?

Kila anayefuatilia matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma anaifahamu aya ile ya mwisho. Mwombaji asiyeliona jina lake katika orodha ya walioitwa kazini huelezwa kwamba hakufanikiwa, kisha huombwa asisite kuomba tena nafasi zitakapotangazwa. Ni lugha ya adabu. Hata hivyo, kijana aliyetoka Meatu au Itilima na kupanda basi hadi Dodoma kwa ajili ya usaili hubaki na swali moja: je, nilishindwa, au nilifaulu ila nafasi zilijaa?

Hali hizo mbili ni tofauti kabisa. Utumishi wa umma wenyewe unaitambua tofauti hiyo, na ndiyo maana kuna kanzidata. Waliofaulu usaili lakini nafasi zikawa chache huhifadhiwa humo kwa muda maalumu, na mwajiri mwingine anapopata kibali cha kada hiyohiyo, majina huweza kuchukuliwa humo bila usaili mpya. Ndiyo maana baadhi ya matangazo ya kuitwa kazini husema wazi kwamba orodha inajumuisha waliokuwa kwenye kanzidata. Huo ni mlango ulioachwa wazi kwa utaratibu: una sharti, una muda, na una mtu anayewajibika kuufungua.

Waajiri wadogo wa mkoa wetu wa Simiyu hawana kanzidata. Wana barua tu. Mwaka mmoja chama cha ushirika cha msingi jirani na Bariadi kilitafuta karani mmoja wa kupima pamba na kuandika stakabadhi za wakulima. Mwenyekiti wake, ambaye kwa ukoo ni baba yangu mdogo, alinipa nisome barua aliyokusudia kumpelekea binti aliyeshika nafasi ya pili. Ilisema: “Hukuchaguliwa. Endelea kuwa karibu nasi, tutakuita.”

“Baba,” nikamwuliza, “mtamwita kweli?”

“Tukipata nafasi, mwanangu. Nimeandika hivyo ili asiumie.”

Hapo ndipo penye hatari. Kijijini, neno la mwenyekiti ni ahadi. Binti yule angeweza kuacha kibarua cha Mwanza akingoja wito ambao hakuna aliyeupanga, na wazazi wake wangekuja kudai. Neno lililokusudiwa kumpoza lingemfunga miguu.

Tulikaa tukaiandika upya: “Tunakushukuru kwa kuja kwenye usaili wa nafasi ya karani. Nafasi ilikuwa moja, na imechukuliwa na mwombaji aliyewahi kufanya kazi ya mizani kwa misimu miwili. Wewe ulifaulu usaili na ulikuwa wa pili. Hesabu zako zilikuwa safi. Hatukuahidi kazi, na ukipata nyingine usiiache kwa ajili yetu. Tutaitunza barua yako ya maombi hadi mwisho wa msimu ujao wa ununuzi. Nafasi ya karani ikitokea kabla ya hapo, tutakupigia kabla ya kutangaza. Ukibadilisha namba ya simu, mjulishe katibu.”

Tazama kilichobadilika. Sababu imetajwa, nayo inahusu kazi yenyewe. Binti sasa anajua kwamba alichokosa ni uzoefu wa mizani, jambo analoweza kulitafuta. Msimu wa pamba hufunguliwa kwa kawaida mwezi Mei, kwa hiyo muda uliotajwa ni kitu anachoweza kukihesabu kwa kalenda anayoiishi. Na chama kimeahidi jambo moja dogo tu, kupiga simu, ambalo kina uwezo wa kulitimiza.

Barua hiyo haikutumwa siku ileile. Tulisubiri hadi aliyechaguliwa asaini na kuripoti, kwa sababu wa kwanza akikataa, wa pili ndiye huitwa, na ni aibu kumwita mtu uliyekwisha kumwaga. Lakini kusubiri nako kuna kikomo. Baada ya wiki mbili za kimya, mwombaji huanza kuuliza ni mtoto wa nani aliyepewa nafasi, na mara nyingi jibu la mtaani hushinda la ofisini.

Maneno haya si ya kila mtu. Aliyeshindwa usaili asiandikiwe kwamba jina lake limehifadhiwa. Aambiwe kwa staha kwamba hakufikia kiwango, na kwamba akiomba tena atapimwa upya kama wengine. Kumfungulia kila mtu mlango kwa maneno ni kumdhulumu yule wa pili, ambaye mlango wake ni wa kweli.

Kwa mtumishi anayeandaa tangazo lijalo, ombi langu ni dogo: aya moja ya mwisho igawanywe mara mbili. Waliofaulu na kukosa nafasi waambiwe hivyo, pamoja na muda ambao majina yao yatatunzwa. Wasiofaulu nao waambiwe hivyo.