Harusi Mbagala, Walii Songo Songo

Binti wa marehemu kaka yangu alipochumbiwa jijini Dar es Salaam, jambo la kwanza lililojadiliwa lilikuwa ukumbi. Ndugu wa mjini walipata nafasi ya Jumamosi, tarehe 13 ya mwezi wa Kiislamu, wakataka kulipa siku ile ile. Niliwaomba wangoje hadi nizungumze na nahodha. Baba yetu, ambaye ndiye walii wa bibi harusi baada ya kufariki baba yake, anaishi kisiwani Songo Songo. Ni mzee asiyeweza tena kuteremka majini na kutembea juu ya tope. Pamoja naye walikuwa jamaa 23.

Kutoka Songo Songo hadi Somanga ni karibu kilomita 25 za bahari, na mashua ya mashine huchukua kiasi cha saa mbili na nusu. Safari yenyewe si ndefu. Uzito uko katika kupanda na kushuka. Maji yakiwa yamejaa, chombo husogea karibu na nchi kavu. Yakipwa, abiria hushukia mbali na kumaliza safari kwa miguu.

Hapo ndipo kalenda yetu ya Hijria ilipotusaidia, kwa kuwa maji hufuata mwezi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, pwani yetu hujaa maji kiasi cha saa kumi, alfajiri na alasiri. Kila siku inayofuata, wakati huo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Harusi ya tarehe 13 ingetaka wageni wavuke Alhamisi tarehe 11, siku ambayo maji hujaa kiasi cha saa saba mchana. Wangevuka wakati upepo wa kusi umekwisha kupata nguvu, wakafika Somanga alasiri, na kuingia jijini usiku.

Tukaisogeza harusi kwa wiki moja, Jumamosi tarehe 20. Alhamisi tarehe 18 maji yalijaa kiasi cha saa kumi na mbili asubuhi. Waliswali Alfajiri, wakapanda kila mmoja akiwa na jaketi la kujiokolea, na kabla ya saa tatu walikuwa Somanga, maji yakiwa bado yanatosha chombo kusogea. Wangechelewa saa mbili tu, mzee angebebwa mgongoni.

Kwa upande wa barabara, shauri la ndugu zangu lilikuwa kutuma nauli kwa simu ili kila mtu apande basi lake. Lakini mabasi yatokayo Lindi na Mtwara mara nyingi hupita Somanga yakiwa yamejaa, na watu 24 wangetawanyika. Tulikodi Kosta moja, ikalala Somanga usiku wa Jumatano ili isingojewe. Kutoka hapo ni zaidi ya kilomita 200: daraja la Mkapa juu ya Rufiji, Ikwiriri, Kibiti, Mkuranga, kisha Mbagala. Waliwasili baada ya Adhuhuri.

Hata hivyo bahari haina mkataba na mtu. Kwa hiyo kabla ya safari mzee alimwakilisha sheikh mmoja wa Mbagala kufungisha ndoa kwa niaba yake endapo angezuiwa, na jamaa wawili wakashuhudia. Sharia inamruhusu walii kuwakilisha, na bora uwakala huo upatikane mapema kuliko kuutafuta siku ya harusi.

Malazi tuliyatafuta Mbagala kwa makusudi, kwani ndiko barabara ya kusini inakoingilia jijini. Wanawake na watoto 14 walilala katika nyumba yetu, na wanaume kumi kwa jirani, mwendo wa dakika tatu. Kabla ya kuhesabu magodoro tulihesabu vyoo na mapipa ya maji, maana wakati wa udhu ndipo msongamano hutokea. Kwa kuwa waliingia Alhamisi na kutoka Jumapili, hawakufikisha siku nne za ukaazi. Hivyo kwa madhehebu ya Shafii walibaki wasafiri, wakapunguza na kukusanya swala. Waliomfuata imamu mkaazi walikamilisha.

Kurudi nako kulikuwa na hesabu yake. Jumatatu tarehe 22 maji yalijaa kiasi cha saa tatu na nusu asubuhi, na hakuna Kosta ya kuondoka Mbagala alfajiri ikawahi. Waliondoka Jumapili baada ya chai nzito, wakalala Somanga kwa jamaa, wakapanda saa mbili asubuhi maji yakijaa na kusi ikiwa bado tulivu. Gharama ya usiku ule mmoja wengi huisahau, wakidhani harusi ikiisha na safari imekwisha.

Mzee alimwozesha mjukuu wake kwa kauli yake mwenyewe. Uwakala haukuhitajika, walhamdulillahi.