Kiapo cha Yeyo: Juu ya Neno Hati ya Kiapo

Neno afidaviti halikuzaliwa kwetu. Asili yake ni Kilatini cha zama za kati, na lilikuwa sentensi nzima: "ameapa", yaani amefungisha imani yake. Waingereza walilichukua sentensi wakaligeuza jina la karatasi. Sisi tumelitafsiri kwa maneno mawili yenye asili mbili. Hati imetoka katika Kiarabu, ambako maana yake ya awali ni mstari au mwandiko. Kiapo ni chetu, mtoto wa kuapa, ndugu wa kuapisha na kuapiza. Hapo zamani kiapo hakikuandikwa kabisa, kililiwa. Ndiyo maana hata leo waziri "anakula kiapo", na mwingine "anakula yamini", ilhali yamini ni kiapo na ni mkono wa kuume pia. Hati ya kiapo basi ni mwandiko uliobeba kitu kilichokuwa kikipita kinywani.

Niliyajua hayo kwa vitabu kwa miaka mingi. Maana yake niliijua Karatu, katika chumba cha wakili, nikiwa nimeketi kando ya mama yangu.

Nimekuwa mwalimu zaidi ya miaka ishirini na mitano, na kustaafu kunakaribia. Nilipopeleka karatasi zangu katika ofisi moja inayohusika, zilirudishwa. Cheti changu cha kidato cha nne kina jina la ukoo lenye l moja, na kitambulisho changu cha Taifa kina mbili. Jina lenyewe naliacha. Mfano wake ni Molel na Mollel. Msemaji wa Kimaasai hasikii watu wawili hapo, wala Mswahili hasikii. Lakini karatasi haina masikio. Kwayo, aliyesoma ni mtu mmoja na aliyeajiriwa ni mwingine. Tena sikuwa na cheti cha kuzaliwa. Niliambiwa nilete viapo viwili, cha majina na cha kuzaliwa.

Kwa kuwa nimezoea kalamu, niliviandika vyote mwenyewe usiku mmoja. Cha pili kilianza hivi: "Mimi, mtu mzima, Mkristo, mkazi wa Karatu, naapa na kueleza kwamba nilizaliwa Endulen mwaka 1974." Wakili aliusoma mstari huo, akatabasamu, akaukata kwa kalamu nyekundu.

"Mwalimu, hili umelijuaje?"

"Nilikuwapo," nikamjibu kwa utani.

"Ulikuwapo, lakini hukushuhudia. Nani alishuhudia, na yu hai?"

Swali lile ndilo kiini cha hati ya kiapo. Anayeapa ni shahidi anayezungumza kwa maandishi, na shahidi husema alichokiona, alichokisikia au alichokitenda yeye mwenyewe. Katika mashauri ya madai hapa Tanzania kanuni hiyo imo katika Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, Amri ya 19: kiapo kijifunge kwenye mambo ambayo muapaji anaweza kuyathibitisha kwa ufahamu wake mwenyewe. Katika maombi madogo ndani ya shauri anaweza kueleza pia anachokiamini, lakini aseme msingi wa imani hiyo. Nje ya mahakama nako, ofisi inapotaka kiapo cha kuzaliwa, humtaka mzazi au ndugu mkubwa aliyekijua kizazi kile. Hakuna binadamu anayeweza kuapa juu ya kuzaliwa kwake. Sote tumeazima habari hiyo kwa wengine.

Kiapo cha majina kilikuwa changu kwa haki. Nilijua kwamba majina yote mawili ni yangu, nilijua lipi liliandikwa wapi, nami nikayataja kama yalivyo kwenye kila cheti, herufi kwa herufi. Wakili alinionya jambo moja: hati hii haibadilishi jina. Inasema tu kwamba majina mawili ni ya mtu mmoja. Anayetaka kuliacha jina na kushika jingine huandikisha hati ya kubadili jina kwa Msajili wa Hati, na hiyo ni njia nyingine. Vilevile barua ya mtendaji wa kijiji, niliyokuja nayo kwa mbwembwe na muhuri wake wa bluu, haikuwa kiapo. Ilikuwa utambulisho. Mtendaji alikuwa ameandika anavyonijua. Hakuna aliyekuwa ameapa.

Kwa kiapo cha kuzaliwa ilibidi Yeyo aje. Ndivyo tunavyomwita mama kwa Kimaa. Alipanda gari Endulen alfajiri, akapita ukingo wa kreta katika ukungu, akatoka lango la Lodoare, akafika Karatu saa nne akiwa amejifunga shuka mbili. Hajui kusoma, na Kiswahili chake ni cha mnadani: kinatosha mbuzi na chumvi, hakitoshi sheria.

Wakili alimwamkia, akamwuliza kupitia kwa mfasiri mwanawe alizaliwa lini. Yeyo hakutaja tarehe. Alisema: "Ni mwaka ule tulipotolewa kreta. Nilipanda ukingo nikiwa na mimba yake. Nilijifungua Endulen, kwa mama mkwe, kabla mvua nyingine haijaja." Wenye kujua historia ya Ngorongoro wanaujua mwaka huo. Eneo la hifadhi lilianzishwa mwaka 1959 kwa sharti la watu na wanyama kuishi pamoja, na mwaka 1974 familia zilizokuwa zikiishi chini, ndani ya kreta, ziliondolewa.

Kisha Yeyo akaendelea. Alieleza boma lilivyokuwa, chumvi ya ardhi ile ambayo ng'ombe waliililia baadaye, ndama waliobaki njiani, na kwamba hakuna aliyewauliza. Alisema anataka yote yaandikwe, maana ameambiwa karatasi hii inasikilizwa na Serikali. Mfasiri alifasiri kila neno. Wakili aliweka kalamu chini akasikiliza hadi mwisho. Ndipo akasema, kwa sauti ya chini, kwamba mengi ya hayo hayawezi kuingia.

Mimi nilikasirika kuliko mama. Wakili akanieleza. Mwaka 1966 Mahakama Kuu ya Uganda, katika shauri la Uganda dhidi ya Kamishna wa Magereza, kwa maombi ya Michael Matovu, iliweka kanuni ambayo mahakama zetu hazichoki kuirejea: kiapo hubeba mambo ya hakika tu. Hakibebi hoja za kisheria, wala maombi, wala pingamizi, wala hitimisho. Aya yenye kasoro hiyo inaweza kufutwa, na ikifutwa aya iliyobeba uzito, hati nzima huanguka. "Kwamba walitolewa mwaka ule na yeye alikuwa mjamzito, hilo ni tukio, nalihitaji, ndilo linalotupa mwaka," alisema. "Kwamba walidhulumiwa, hilo ni dai. Lina mahali pake, lakini si hapa."

Basi kilichobaki cha simulizi ya nusu saa kikawa aya nne. Yeye ni mama mzazi wa mimi. Mwaka 1974 alihama kutoka ndani ya kreta akiwa mjamzito. Alinizaa Endulen mwaka huohuo. Ninayeitwa kwa majina yale mawili ni mwanawe yuleyule. Tarehe mosi Januari iliyo kwenye vyeti vyangu haikuguswa, maana iliwekwa na mwalimu aliyeniandikisha darasa la kwanza. Yeyo hawezi kuiapia. Mimi naweza kuapa kwamba ndivyo ilivyoandikwa shuleni, si zaidi. Kila mmoja akaapia kipande chake.

Chini ya aya hizo huja uhakiki, ambapo muapaji hutamka kwamba aya ya kwanza hadi ya nne ni kweli kwa ufahamu wake. Kama kuna jambo aliloambiwa, hapo ndipo hulitenga na kumtaja aliyemwambia. Baada ya uhakiki huja kitako cha hati, kinachosema kiapo kimetolewa mbele ya nani, wapi na lini. Sheria ya Makamishna wa Viapo, Sura ya 12, inamtaka kamishna aandike jina lake, mahali na tarehe ya kweli. Kukosekana kwa mojawapo kumeangusha maombi mengi mahakamani, ingawa aya za juu zilikuwa safi. Kamishna wa viapo aghalabu huwa wakili. Hakimu naye huweza kuapisha kwa wadhifa wake. Sheria hiyo pia inamkataza wakili kumwapisha mtu katika shauri ambalo yeye mwenyewe anamwakilisha mmoja wa wahusika. Kwa hiyo aliyetuandikia alitupeleka mlango wa pili, kwa mwenzake.

Huyu wa pili hakumjua Yeyo. Aliuliza nani amtambulishe, na jirani yetu, mzee wa kanisa ambaye kamishna alimfahamu, akasimama. Jina lake likaingia katika kitako cha hati: muapaji ametambulishwa na fulani, ambaye namfahamu binafsi. Hati ikasomwa kwa Kiswahili, ikafasiriwa kwa Kimaa na mtu asiye wa nyumba yetu, na hilo nalo likaandikwa: kwamba imesomwa, imefasiriwa, naye ameonekana kuielewa. Nilitaka kufasiri mimi, nikakataliwa. Mwenye faida na hati hawezi kuwa ulimi wake.

Kamishna akampa Biblia katika mkono wa kuume. Mwislamu angethibitisha pasipo kuapa, na hati yake ingeandikwa "nathibitisha" badala ya "naapa". Kabla hajaanza alimwambia kwamba kusema uongo chini ya kiapo ni kosa la jinai. Mfasiri alipolifikisha hilo, Yeyo alimtazama kamishna muda mrefu, kisha akajibu: "Mwambie kwetu anayeapa uongo hasubiri polisi."

Akarudia maneno. Akabonyeza dole gumba kwenye wino, kisha kwenye karatasi. Ndipo kamishna akatia saini na muhuri. Nimewaona wengi wakitia saini nyumbani na kumtuma kijana apeleke karatasi ikagongwe muhuri. Hati hizo hufanana na hii kwa kila kitu, ila neno "mbele yangu" lililo chini yake ni uongo.

Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zetu, na malenga wengi tumefurahi. Siku ile nilijua pia kwamba lugha inapoingia mahakamani huacha vitu mlangoni. Viapo vyote viwili vilipokelewa, na faili langu likaunganishwa.

Njiani kurudi, gari liliposimama ukingoni, Yeyo alishuka akatazama chini kwenye kreta. Akaniuliza yale mengine aliyoyasema yameandikwa wapi. Nikamwambia hayajaandikwa. Akasema, "Wewe si unaandika?"

Nimeanza nayo haya.