Saa Tisa Usiku, EURUSD

Jamaa ninayeishi naye huweka alamu ya saa tisa usiku ili awahi Tokyo ikifunguka. Shida ni kwamba anatredi EURUSD pekee. Saa hiyo Ulaya imelala na New York wameshafunga kazi, kwa hivyo bei inasonga kama matatu kwenye jemu. Anakodolea chati hadi kunakucha, kisha soko likichangamka kweli, yeye anasinzia.

Na sisi Nairobi tumebahatika, manze. Miezi ya kiangazi cha Ulaya, London hufunguka saa nne asubuhi yetu, na New York saa tisa alasiri. Kutoka saa tisa hadi saa moja jioni, miji hiyo miwili iko kazini pamoja. Takwimu za ajira za Marekani hutoka saa tisa na nusu, mchana kweupe. Mimi nimejifungia humo: saa nne tu. Asubuhi ni ya kuandika makala, na laptopu ya chati haifunguliwi.

Lakini ratiba pekee haileti usingizi. Jamaa yangu ana dola 200 kwenye akaunti na hufungua loti 0.10, ambapo kila pipsi ni dola moja. Akiweka kikomo cha hasara pipsi 20, amehatarisha dola 20, yaani asilimia kumi ya pesa zake zote. Nani atalala hapo? Simu iko chini ya mto, anaichungulia kila saa. Kwa loti 0.01, kikomo kilekile kingemgharimu dola mbili. Tena kikomo hukaa kwenye seva ya broka, kwa hivyo stima ikipotea bado kinafanya kazi, ingawa bei ikiruka ghafla unaweza kutolewa mbali kidogo na pale ulipopanga.

Kuna mtego mwingine saa sita usiku, New York inapofunga siku. Wanunuzi na wauzaji hupungua, na pengo kati ya bei ya kununua na ya kuuza hupanuka. Kikomo kilicho karibu kinaweza kuguswa hata kama chati haijaenda popote. Ndiyo maana saa moja jioni mimi hufunga kila kitu, na Ijumaa siachi chochote wazi.

Uchovu wenyewe unaonekana daftarini kabla hujausikia mwilini. Kando ya kila tredi naandika saa nilizolala na sababu ya kuingia. Nilipomwomba jamaa ajaribu wiki mbili, tredi zake za baada ya saa nne usiku karibu zote hazikuwa na sababu yoyote.

Novemba Marekani wakirudisha saa zao nyuma, dirisha langu linasogea: saa kumi hadi saa mbili usiku. Chakula cha jioni kitachelewa kidogo, basi.