Mgeni ni Nani? Tozo ya Kitanda Inapokaribia London

Mimi hufanya kazi mapokezi katika hoteli moja hapa London. Kwetu sisi wa mapokezi, mtu akishapewa ufunguo wa chumba ni mgeni. Hatumuulizi alizaliwa wapi, wala kodi yake anailipa mji gani. Ndiyo maana tangu habari za tozo ya malazi zianze, nimekuwa nikiwaza swali ambalo wengi wanalipita haraka: huyo mgeni anayetakiwa kutupunguzia mzigo wa kodi ni nani hasa?

Habari yenyewe ni hii. Novemba 2025 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba mameya wa England watapewa uwezo wa kutoza wageni wanaolala hotelini na kwenye nyumba za kukodisha kwa siku, na ikaanza kukusanya maoni ya watu. Meya wa London, Sadiq Khan, aliufurahia uamuzi huo. Hoja yake si ngumu kuielewa. Mgeni hupanda treni zetu, hujaza mapipa ya taka na huhitaji polisi akiibiwa simu, lakini kodi ya halmashauri hailipi. Ni kweli kwamba chumba cha hoteli kina VAT ya asilimia 20, ila pesa hiyo inakwenda Hazina ya taifa, haibaki mjini. Paris, Roma na Amsterdam zimekuwa zikitoza kitanda kwa miaka mingi.

Hoja hiyo naikubali. Lakini tozo haiwezi kumwona mgeni. Inaona kitanda tu. Na kitanda cha hoteli hawalali watalii wa Marekani peke yao.

Fikirieni harusi zetu. Bibi harusi yuko Barking, bwana harusi yuko Leicester, na nusu ya ukoo uko Milton Keynes. Shangazi akija kutoka Unguja halali hotelini hata siku moja. Atapewa chumba cha watoto, na watoto watatandikiwa sebuleni. Atakaa wiki tatu, atapanda basi, ataenda kuona mto Thames, na tozo haitamgusa. Anayelala hotelini ni shemeji yangu wa Leicester na familia yake, kwa sababu nyumba ya harusi imeshajaa. Nilipomweleza alicheka kwa uchungu kidogo: "Shemeji, mimi nalipa kodi nchi hii mwaka wa ishirini na mbili. Utalii nimeuanza lini?"

Yuko sawa. Mwananchi wa nchi hii anayesafiri kwenda mji mwingine ni mgeni wa mji ule, hata kama si mgeni wa nchi. Huko Edinburgh, ambako tozo inahusu malazi ya kuanzia tarehe 24 Julai 2026, hata mkazi wa Edinburgh mwenyewe akilala hotelini mjini kwake analipa.

Sasa tutazame namna ya kuhesabu, maana hapo ndipo pesa inapohama kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine. Edinburgh wamechagua asilimia: asilimia 5 ya bei ya chumba, kwa siku tano za mwanzo tu. Wales wamechagua kiwango kimoja: paundi 1.30 kwa kila mtu kwa kila usiku katika hoteli na malazi mengi, na senti 75 kwa kambi za mahema na vyumba vya kulala kwa pamoja. Huko tozo inaweza kuanza mwaka 2027, kwa halmashauri zitakazoamua kuitoza.

Chukueni wageni wawili wa siku tatu. Wa kwanza ni shemeji, mkewe na watoto wawili, katika chumba kimoja cha paundi 70 kwa usiku. Wa pili ni mfanyabiashara aliye peke yake katika chumba cha paundi 320, na bili yake inalipwa na kampuni. Kwa hesabu ya Edinburgh, shemeji analipa asilimia 5 ya paundi 210, yaani paundi 10.50, na mfanyabiashara analipa asilimia 5 ya paundi 960, yaani paundi 48. Kwa hesabu ya Wales, shemeji ana vichwa vinne kwa siku tatu, kwa hiyo analipa paundi 15.60, kwani watoto hawasamehewi kwenye kiwango cha hoteli. Mfanyabiashara analipa paundi 3.90.

Jina ni lile lile, tozo ya wageni, lakini kwa njia ya pili familia yenye watoto inalipa mara nne ya mtu mwenye chumba cha kifahari. Kiwango kimoja ni rahisi kukusanya. Hata hoteli ndogo isiyo na mhasibu inaweza kuhesabu vichwa. Asilimia inataka hesabu zaidi, hasa pale bei ya chumba inapouzwa pamoja na kifungua kinywa au tiketi ya tamthilia, maana lazima bei ya kitanda itengwe. Lakini kwa watu wanaosafiri kwa familia kama sisi, asilimia ni nafuu kuliko vichwa.

Jambo la pili linalosahauliwa ni kwamba anayekabidhiwa bili si lazima awe ndiye anayeumia. Julai, London ikiwa imejaa, hoteli inaongeza tozo juu ya bei na mgeni analipa bila kugeuka. Januari mambo ni mengine. Vyumba viko vitupu, mteja analinganisha bei kwenye simu, na tofauti ya paundi tano inatosha kumpeleka hoteli ya jirani. Hapo meneja hupunguza bei ya chumba ili jumla ibaki ile ile, na tozo inatoka kwenye mfuko wa hoteli. Kisha anatafuta pa kufidia. Gharama iliyo rahisi kupunguza ni saa za kazi za wanaosafisha vyumba. Nimeiona ratiba ya Januari ikikatwa hata kabla ya tozo yoyote, na wengi waliokatwa saa walikuwa wanawake wanaozungumza lugha yetu hii. Kwa hiyo sehemu ya mzigo tunaosema tunamtwika mgeni inaweza kutua begani kwa mkazi wa Tottenham.

Nyumbani mambo haya si mageni. Kenya hutoza asilimia 2 ya mauzo ya hoteli na mikahawa, na fedha kama hizo ndizo zilizokilea Chuo cha Utalii cha Nairobi kilichoanza miaka ya 1970. Lakini kwa kuwa mikahawa nayo imo, Mkenya anayekula chakula cha mchana mjini kwake anachangia pia.

Zanzibar imekwenda mbali zaidi, na huko ndiko sisi wa London tunakojikuta upande wa pili wa meza. Hoteli zinakusanya tozo ya miundombinu ya dola 5 kwa mtu kwa usiku, ambayo zamani ilikuwa dola 1. Juu ya hiyo, tangu tarehe 1 Oktoba 2024, kila asiye mkazi anayeingia kwa pasipoti ya kigeni anatakiwa kununua bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar: dola 44 kwa mtu mzima na dola 22 kwa mtoto wa miaka 3 hadi 17. Kwa jina si kodi, ni bima, na inalipia matibabu, lakini hata ukiwa na bima yako ya Uingereza unainunua.

Sasa mtazameni baba na mama wenye pasipoti za Uingereza, na watoto watatu wa miaka 6, 9 na 14, wanaokwenda kwa bibi yao Ng'ambo kwa wiki tatu. Tozo ya hoteli kwao ni sifuri, kwa sababu kitanda ni cha bibi. Bima ni dola 88 za wazazi na dola 66 za watoto, jumla dola 154, kwa sababu hiyo haitazami kitanda bali pasipoti. Wakijipa siku tatu za hoteli Nungwi, wazazi wawili wanaongeza dola 30 za miundombinu. Na kwa kuwa Tanzania hairuhusu uraia pacha, mtu aliyezaliwa Mwembeladu anahesabiwa sawa na mtalii wa Milano. Tozo ya kitanda, kwa ubaya wake wote, angalau inamwachia mtu mlango mmoja: ukilala kwa ndugu, hulipi.

Hapa London kuna vitanda vingine viwili ambavyo sheria lazima ivitaje. Kuna familia zilizopoteza nyumba na kuwekwa hotelini na halmashauri, wengine kwa miezi mingi, na wapo wetu miongoni mwao. Kuwatoza hao ni kuitoa pesa ya umma mfuko wa kulia na kuitia wa kushoto. Na kuna mzazi aliyetoka mbali na kulala hotelini kwa sababu mtoto wake amelazwa hospitali. Scotland imewasamehe watu wanaopokea posho za ulemavu. Msamaha kama huo hauji wenyewe. Unaandikwa, au haupo.

Limebaki swali la pesa zenyewe. Makadirio yaliyofanywa na ofisi ya meya mwaka 2017 yalisema tozo ya asilimia 5 ingeweza kuleta kiasi cha paundi milioni 240 kwa mwaka. Ni pesa nyingi, lakini igawanyeni kwa wakazi milioni 9 mpate chini ya paundi 27 kwa kila mmoja. Sehemu ya meya peke yake katika kodi ya halmashauri, kwa nyumba ya daraja D mwaka 2025/26, ilikuwa paundi 490.38. Tozo haitaifuta bili hiyo.

Tena huenda isiipunguze hata kidogo. Sheria ya Scotland ya mwaka 2024 inataka pesa ya tozo itumike kwa huduma na majengo yanayotumiwa kwa kiasi kikubwa na wageni. Ikinunua matangazo ya utalii na tamasha jipya, mkazi hajatuliwa mzigo wowote. Ikilipia usafi wa mitaa au mabasi ya usiku ambayo tayari tunayalipia sisi, hapo mzigo umehama kweli. Ukitaka kujua ipi imetokea, usitazame kiasi kilichokusanywa. Tazama bajeti ya mwaka uliotangulia, utafute ni mstari upi uliokuwa ukilipwa na wakazi ambao sasa unalipwa na kitanda. Usipouona mstari huo, basi shemeji yangu wa Leicester amelipa, msafishaji wa vyumba amepungukiwa saa, na bili yako ya Aprili imekuja vile vile.