Kila Chombo na Njia Yake



Wengi mmetuuliza kwa nini nyimbo za bendi yetu zikirekodiwa kwa simu zinasikika ngoma tupu, na mwimbaji kama yuko kisimani. Sababu ni kwamba simu inashika sauti zote kwa pamoja. Ni kama chumvi ndani ya uji: ukishakoroga, huitoi tena. Na safari hii tuna haraka, maana mpiga solo wetu ameshapata tarehe ya kuondoka kwenda nchi ya tatu. Akishapanda basi, hakuna wa kumwita aje arudie.

Kwa hiyo tumeazima mikisa ya kidijitali, Behringer XR18. Inapokea njia 18, na kila njia inaweza kwenda peke yake kwenye laptopu kwa waya mmoja wa yuesibi. Sisi tunatumia njia nane: waimbaji wawili, gitaa la solo, gitaa la ridhimu, besi, kinanda, ngoma kubwa ya mguu, na maiki moja juu ya dramu.

Waya wenyewe ni ule ule wa printa. Mdomo wa mraba unaingia kwenye mikisa, mdomo bapa kwenye laptopu. Kabla ya kuunganisha, laptopu ya Windows iwekwe kwanza draiva ya ASIO ya mikisa hiyo, inayotolewa bure na watengenezaji. Hapo ndipo watu wengi wanakwama. Bila draiva hiyo, mara nyingi programu ya kurekodi inaona njia mbili tu, kushoto na kulia, na mtu anadhani mikisa imekufa kumbe ni nzima.

Sisi tunarekodi kwa programu ya REAPER. Tunafungua `Options > Preferences > Audio > Device`, tunachagua ASIO, kisha tunafungua njia ya 1 mpaka ya 18. Kasi tunaweka 48000, sawasawa na ile ya mikisa. Halafu tunatengeneza mistari minane na kuiandika majina. Mstari wa kwanza unapokea njia ya 1, wa pili njia ya 2, hivyo hivyo mpaka wa nane, na kila mmoja tunauwashia kitufe chake chekundu.

Sasa jambo kubwa ni hili. Mikisa ikiwa kama ilivyotoka kiwandani, sauti inayokwenda kwenye laptopu inachukuliwa mara tu baada ya geni, yaani pale inapoongezewa nguvu mwanzoni, kabla ya feda. Kwa hiyo wazee wakilalamika kwamba gitaa lina kelele, tunashusha feda ya gitaa ukumbini, na kwenye laptopu halipungui hata kidogo. Lakini geni ukiigusa, umegusa vyote viwili. Ikizidi, sauti inapasuka, na iliyopasuka hairekebishiki. Ndiyo maana tunamwambia kila mtu apige kwa nguvu zake zote kwanza, tunapanga geni mpaka kilele kifike kati ya -12 na -6, kisha hatuigusi tena.

Zikisikika alama za "tik, tik" kwenye rekodi, laptopu imeelemewa. Tunaongeza bafa mpaka 512 au zaidi na kufunga programu nyingine zote. Ikiwa ni mvumo mfululizo, tunachomoa chaja ya laptopu. Mvumo ukikoma, umetoka kwenye chaja, basi tunarekodi kwa betri. Betri ina faida nyingine: jenereta ikizima, mikisa inakufa na kurekodi kunakatika, lakini laptopu inabaki hai na tunahifadhi tulichokwisha kupata.

Nafasi nayo inahesabiwa. Kwa biti 24, njia moja inakula karibu megabaiti 9 kwa dakika, kwa hiyo njia nane kwa saa nzima ni gigabaiti 4 na kidogo. Flashi ya gigabaiti 4 haitoshi.

Tusidanganyane pia: maiki ya mwimbaji inasikia dramu iliyo nyuma yake. Hata ukizima mstari wa dramu, utaisikia kwa mbali ndani ya sauti ya mwimbaji. Tunasogeza dramu mbali, na mwimbaji anasogeza mdomo karibu na maiki.

Kabla ya wimbo wa kwanza tunarekodi dakika moja, kisha tunasikiliza mistari yote, mmoja mmoja. Solo ikisikika safi peke yake, ndipo tunaanza. Baada ya kazi tunanakili folda nzima sehemu mbili, na nakala moja mpiga solo anasafiri nayo.