Soko Halifutiki: Miaka Yangu na Sauti za Kakamega

Nilipoanza kukusanya sauti za vipindi vya redio mjini Kakamega, miaka ya tisini, hakuna aliyezungumzia kusafisha mahojiano. Ulirudi na kaseti, ukaisikiliza, ukachukua sehemu zinazosikika na nyingine ukaziacha. Kinasa sauti chetu kilikuwa na tabia moja iliyoniudhi kuliko zote: kilijipangia chenyewe kiwango cha sauti. Mama muuza mrenda akizungumza, kilitulia. Akinyamaza kuvuta pumzi, nacho kiliona pamekuwa kimya kikajiongeza nguvu, na soko zima likapanda: wauza mitumba, makanga wakiita abiria wa Mumias, wateja wakibishana bei. Akianza tena kusema, soko likazama. Msikilizaji wa nyumbani alichoka bila kujua kinachomchosha.

Studioni tulinakili kaseti kwenye mkanda wa rili uliokimbia sentimita 19 kwa sekunde. Ukitaka kuondoa kikohozi, ulizungusha rili kwa mkono hadi ukisikie, ukatia alama kwa penseli ya nta, ukakata kimshazari kwa wembe, kisha ukaunga kwa utepe. Kelele iliyoingia kati ya neno na neno ilikatika vizuri. Lakini kelele iliyopita pamoja na neno haikuwa na wembe wake. Ukiikata, neno nalo linaanguka sakafuni.

Kompyuta ilipofika tulidhani mambo yamekwisha. Programu ya Audacity, iliyotoka mwaka 2000 na ambayo haikuuzwa kwa senti, ilikuwa na kitu tulichokiona kama muujiza. Unachagua sekunde chache zenye kelele peke yake, unabonyeza `Get Noise Profile`, kisha unaiambia programu ipunguze kelele ya namna hiyo katika mahojiano yote. Kazi ya kwanza niliyoijaribia ilirekodiwa karibu na mashine ya kusaga mahindi. Mvumo ulipungua kiasi kwamba nilimwita mwenzangu aje asikilize. Tukaamini kwamba sasa twaweza kurekodi popote.

Halafu nikaleta mahojiano kutoka katikati ya soko la mjini, mahali palipo na watu tu, pasipo na mashine. Nikafuata hatua zilezile, na sauti ya mama ikatoka kama ya mtu aliyezamishwa majini, na nyuma yake vilio vidogo vidogo vya ndege ambao sokoni hawakuwapo. Ilinichukua muda kuelewa sababu, nayo ni hii. Mashine ya kusaga huvuma kwa namna moja kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo sampuli ya sekunde mbili inaieleza yote. Watu hawavumi. Kila sekunde ni maneno mengine, ya mtu mwingine, kwa sauti nyingine. Tena sauti zao zimekaa kwenye masafa yaleyale ya sauti ya mama, ile sehemu ya kati, takriban hezi 300 hadi 3,400, ambayo ilizitosha simu za zamani ili maneno yaeleweke. Programu haina njia ya kujua kwamba kipande hiki ni cha anayehojiwa na kile ni cha jirani yake. Inapunguza vyote.

Kuanzia hapo nilijifunza kupunguza tamaa. Kwanza nilikata sauti za chini, zilizo chini ya hezi 100. Ngurumo za malori na kishindo cha upepo viliondoka, na mama hakupoteza kitu. Kisha nilipita kwenye vituo vyake vya kupumua, kimoja kimoja, nikishusha soko kwa desibeli 5 au 6 tu. Ukilizima kabisa, sikio linashtuka kila soko linapotoweka na kurudi, na tunarudi kwenye ule ugonjwa wa kaseti. Mwisho, ikiwa kuna mvumo wa kudumu, ndipo niligusa `Noise Reduction`, tena kwa kiasi kidogo. Kipimo changu kilikuwa kitufe cha `Residue`, kinachokusikilizisha kile tu kinachotupwa. Ukisikia humo silabi za mama, umevuka mpaka: rudi nyuma.

Lakini badiliko kubwa lilitokea sokoni kwenyewe, siyo mezani. Ukiwa sentimita 60 kutoka mdomoni mwa mtu, ukasogeza maikrofoni hadi sentimita 30, sauti yake inapanda kwa takriban desibeli 6. Sogeza hadi 15, inapanda 6 nyingine. Soko, kwa kuwa liko mbali pande zote, linabaki palepale. Desibeli 12 za namna hiyo hakuna programu iliyowahi kunipa bila kuharibu kitu. Gharama yake ni kwamba herufi p na b hupiga maikrofoni kwa pumzi, kwa hiyo ukae pembeni kidogo ya mdomo, siyo mbele yake. Na kile kiwango cha kujipangia, kizime.

Nakumbuka mama mmoja aliyekuwa na genge lake karibu na wauza nguo. Nilimwomba, "Mama, samahani, tusogee pale kwenye nguo."

Akanitazama. "Na mboga zangu ataangalia nani, kijana wangu?"

Jirani yake akakubali kuangalia. Tukasimama, yeye mgongo wake ukielekea makoti yaliyotundikwa, mimi nimelipa soko kisogo. Maikrofoni yangu ilisikia zaidi upande wa mbele, na mbele yake palikuwa na mama, na nyuma ya mama nguo nzito zinazomeza sauti. Alipotaja bei ya fungu la mrenda, mteja wa genge la pili alipaza sauti kutaja yake, na namba mbili zikagongana. Tulipomaliza nilimwomba anirudie bei peke yake, kisha nikarekodi dakika moja ya soko pasipo yeye kusema, palepale tulipokuwa. Studioni bei iliyorudiwa iliingia mahali pa ile iliyofunikwa, na ile dakika ya soko ikatandazwa chini ya viungo vyote viwili ili pasisikike mahali nilipokata.

Miaka ya karibuni zimekuja programu zinazotenganisha sauti ya mtu na yote yaliyo nyuma yake, nazo zinaweza zaidi ya zile tulizokuwa nazo. Nilizipa ile bei ya kwanza, iliyogongana. Mama alisema thelathini, mteja alisema hamsini. Kilichotoka ni sauti safi kabisa iliyoishia na "-ini", na mwanzo wake haukuwa wa yeyote kati ya wawili hao. Makelele tuliyoyazoea yalikuonya kwamba hapa hapasikiki. Usafi huu hauonyi. Unaweza kutangaza bei ambayo hakuna mtu aliyeitaja. Kule Lubao, kwenye soko la mbwa, programu hizo hushusha mibweko vizuri, kwa kuwa mbweko haufanani na neno. Watu wawili wanaosema kwa nguvu sawa ni kesi nyingine.

Kwa hiyo vijana wanaoniuliza watumie programu gani huwa nawauliza walisimama umbali gani. Kisha nawaambia: hifadhini rekodi asilia bila kuigusa, na kila jina, namba na bei iliyosafishwa ilinganisheni nayo kabla ya kwenda hewani. Neno ambalo halisikiki kwenye asilia, msilitangaze. Rudini sokoni mkaulize.